Ratiba yangu ya wiki ilinidanganya mpaka nikaanza kuiwekea safu ya pili

Mimi ni wale watu wa kuchora ratiba nzuri Jumapili jioni, rangi rangi, kila saa ina kazi yake, afu ikifika Jumatano hata sijui daftari liko wapi. Nimefanya hivyo miaka. Kilichonisaidia si kupanga vizuri zaidi, ni kuongeza safu ya pili pembeni ya ile ya mpango, nikaiita "ilivyokuwa".

Iko hivi. Wiki ina saa 168. Nikatoa kulala 56, kazi 45, njiani 10, kula na kuoga na usafi 21, nikabaki na 36. Nikasema hee, kumbe niko tajiri wa muda! Nilikuwa nasomea mtihani wa kozi moja inayotaka kama saa 84 za kusoma, nikajipa saa 12 kwa wiki: Jumatatu hadi Alhamisi saa 1 mpaka saa 3 usiku, na Jumamosi saa 2 mpaka saa 6 mchana. Wiki saba nimemaliza. Zilizobaki nikagawa kwa mazoezi, familia, marafiki, hadi ya mwisho. Hakuna hata nusu saa iliyobaki wazi, na hilo ndo lilikuwa kosa la kwanza ila sikulijua.

Safu ya pili unaijaza siku hiyo hiyo, mchana mara moja na kabla ya kulala mara moja, kwa vipande vya nusu saa. Usisubiri Jumapili maana ukisubiri utaandika unachotamani kilitokea, nimejaribu, najua. Na mpango usiufute, ukiufuta huna cha kulinganisha nacho.

Jumapili ya kwanza nikakaa na zile safu mbili. Jumatatu nilisoma saa moja na nusu. Jumanne sifuri. Jumatano dakika 45, Alhamisi sifuri, Jumamosi saa tatu na robo. Jumla saa tano na nusu kati ya 12. Zamani ningejiita mvivu nikaapa kujitahidi wiki ijayo, sasa nikajilazimisha kuuliza swali moja tu kwa kila kipande kilichokufa: nilikuwa nafanya nini saa hiyo?

Majibu yalikuwa ya aina mbili. Jumatatu nilifungua kitabu saa 1:30, Jumatano saa 2:15. Sikuwa nachezea simu (sawa, kidogo). Nafika nyumbani saa 12 na nusu, naoga, nakula, naongea na watu wa nyumbani, na hayo yote hayaishi kwa nusu saa hata siku moja. Kwahiyo hapo tatizo ni kipande kuwekwa mahali ambapo hakiwezi kukaa, na dawa yake ni kukisogeza, wala huhitaji kujikaza.

Jumanne na Alhamisi ni kitu kingine. Jumanne ndugu alipiga simu ana shida, nikatoka. Alhamisi bosi katuma meseji kuna ripoti inatakiwa asubuhi. Nikaandika "dharura" nikapita. Ila sikugusa ratiba, maana wiki moja haikuambii kitu, nikaacha nne zipite nikiwa najaza tu. Dharura zikawa saa 4, saa 3, saa 5, saa 4. Kila wiki sura tofauti, leo mgonjwa, kesho bomba limepasuka, lakini ukijumlisha ni kama saa 4 kila wiki. Sasa kitu kinachokuja kila wiki ni dharura gani hiyo? Hiyo ni sehemu ya wiki yako, ila hujaipa nafasi.

Nikapanga upya. Jumanne na Alhamisi usiku nikaacha wazi saa mbili mbili, hazina jina, dharura ije ijikalie hapo, isipokuja napumzika. Kusoma ikawa Jumatatu na Jumatano saa 2 mpaka 3 na nusu, Jumamosi ikabaki vilevile. Jumla saa 7. Wiki iliyofuata nikapata sita na nusu.

Kwa wenye zamu zinazobadilika hii ya ratiba moja haitawafaa, tengeneza mbili, ya zamu ya mchana na ya usiku, ulinganishe kila moja na wiki za aina yake.

Sehemu iliyoniuma ni hesabu. Saa 84 kwa 7 ni wiki 12, sio 7. Mtihani niliokuwa nautolea macho ulikuwa wiki ya 8. Nililiangalia lile daftari kama dakika kumi hivi, afu nikafungua simu nikajisajili kwa awamu inayofuata.