Vidoa vyeupe kooni na mdomo kunuka

"Nipo Uyole. Nina vidoa vyeupe kooni, sina homa, ila mdomo unanuka hata nikipiga mswaki. Nivichokoe kwa pini?"

Pini hapana, ndugu. Kwa maelezo yako vinafanana na vijiwe vya tonsi: mabaki ya chakula na bakteria hunasa kwenye vishimo vya tonsi, yakawa magumu. Ukikiponda kimoja kinanuka kama yai viza, na huko mswaki haufiki.

Mimi vinanisumbua tangu nasoma sekondari Iringa. Nikimaliza kula nachanganya nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, nainua kichwa, nasukutua hadi kooni, natema. Vingi hutoka vyenyewe. Kinachogoma nakiacha. Jirani yangu Mafinga alichokoa kwa kibanio cha nywele akatema damu mpaka usiku.

Kuna aliyekushauri unywe antibayotiki ya amoksilini; yuko sahihi nusu. Ukiwa na homa na koo linauma kumeza, huo weupe huenda ni usaha, basi kapimwe kwanza. Kijiwe hakitolewi na antibayotiki.

Nenda kwa daktari pia kama tonsi moja imevimba kuliko nyingine, unatema damu, au sikio la upande huo linauma na haliachi. Ukishindwa kumeza hata mate au kufungua mdomo, nenda leo leo.

Harufu ikibaki hata vikiisha, mwone daktari wa meno. Fizi nazo hunuka, na kwa harufu tu huwezi kuzitofautisha na vijiwe.