Kabla hujabonyeza linki, isome kutoka kulia

Mwezi uliopita mama mdogo alinipigia usiku, sauti inatetemeka, kaletewa meseji eti akaunti yake inafungwa, akabonyeza linki, akaandika namba ya siri. Nikamwambia mama, piga benki sasa hivi kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Wakaizuia, hela ikapona. Kesho yake nikaikalia ile linki. Ilikuwa hivi, majina nimebadilisha:

```
https://benkiyetu.co.tz.example.net/ingia?mteja=204#fomu
```

Yeye aliona `benkiyetu.co.tz` akatulia, na mimi simlaumu kabisa, maana macho yetu yanasoma kutoka kushoto. Brauza haifanyi hivyo. Kwanza inaikata vipande: `https` inaiambia iongee kwa siri, kwa kawaida kupitia mlango namba 443. Halafu jina la seva ni kila kitu baada ya `//` mpaka mkwaju unaofuata, yaani `/`, au `?` au `#` kama imetangulia, basi. Hilo jina linapelekwa kwenye daftari la majina la intaneti kuulizia namba ya seva, na daftari linaanzia kulia: nani anashika `net`, halafu kwenye `net` nani anashika `example`, na huyo mwenye `example.net` ndiye anayejibu kila kilichobaki kushoto. Kwa hiyo kushoto anaweza kuweka neno lolote analotaka, hata jina la benki yako, haombi ruhusa kwa mtu.

Namba ikipatikana brauza inaunganisha, inakagua cheti cha seva, ndo inatuma ombi, kwa kifupi linafanana na hili:

```
GET /ingia?mteja=204 HTTP/1.1
Host: benkiyetu.co.tz.example.net
```

Ona `#fomu` haipo. Hiyo inabaki kwenye simu yako, kazi yake kukushusha kwenye sehemu fulani ya ukurasa. Ila `mteja=204` imeenda, na ndo maana meseji kama hizi zinaweza kumjulisha mwizi nani kabonyeza, hata kama hujaandika kitu.

Na ile alama ya kufuli kwenye brauza mama mdogo aliiona pia. Kufuli inasema mazungumzo yako na hiyo seva hayasikilizwi njiani na cheti ni cha jina hilo, haisemi mwenye jina ni mtu mwema, vyeti vya bure vipo na mwizi naye anachukua.

Kwa hiyo fanya hivi, shikilia linki kwa kidole bila kuachia mpaka ionekane nzima, kwa sababu kioo cha simu ni chembamba na mara nyingi kinaficha mwisho wa jina. Tafuta mkwaju, `?` au `#` ya kwanza baada ya `//`, kisha rudi nyuma maneno mawili. Kama linaishia na `.co.tz` au `.co.ke` rudi matatu, kwa sababu hapo mawili ya mwisho ni ya wote. Hayo ndo jina la mwenye nyumba.

Kwa benki mimi sibonyezi linki ya meseji hata ikiwa safi, naandika anwani yao kamili mwenyewe juu pale kwenye brauza, na naiangalia mara mbili, maana ukikosea ukaweka nafasi katikati brauza inadhani unatafuta kitu inakupeleka kwenye matokeo ya utafutaji, na hapo juu kunaweza kuwa na tangazo la mtu mwingine.