Usitoe hela ya kuokoa hela

*"Nimestaafu mwezi uliopita, kiinua mgongo changu milioni 31. Kijana wangu wa kwanza nishamkopesha mara mbili, hajarejesha. Sasa anataka milioni 8 duka lake lisifungwe. Nimpe? Na mkewe anayenipigia simu kila siku nimjibu vipi?"*

Usitoe. Hata moja, na mkewe mjibu hivyo hivyo. Nimesoma swali lako mikono ikinitetemeka, maana hilo duka nalijua. La kijana wangu lilikuwa la vifaa vya simu huko Unguja, mimi niko Pemba nalilipia.

Nilikuwa mkunga, nikastaafu na milioni 29. Milioni 4 za mwanzo za kufungulia duka sizijutii, mzazi nani asingetoa? Milioni 6 za pili za "mzigo unakuja kutoka Dubai" nazijuta kidogo. Zilizonimaliza ni milioni 14 za tatu, na zilitoka kwa sababu ile ile anayokupa wako: duka lisifungwe.

Kanipigia alfajiri, analia. Mwenye fremu kampa siku tatu. Ukiambiwa lazima leo, jua kuna mtu mwingine nyuma yake kaweka tarehe, na pesa yako inakwenda kwa huyo. Mimi sikuuliza. Nilivuka na boti nikamkabidhi mkononi. Kwa muda wa wiki moja zote zikaenda: kodi ya miezi iliyopita, waliomuuzia mzigo kwa mali kauli, na rafiki yake mmoja aliyemkopa kwa siri. Hata kava moja la simu halikununuliwa. Nililipa madeni ya mtu, duka likabaki na rafu zile zile tupu.

Daftari nililiona baadaye, mdogo wake aliponipigia hesabu. Ukishatoa bei ya kununulia mzigo, duka lilibakisha laki sita kwa mwezi. Kodi laki nne na nusu, kijana wa dukani laki mbili. Basi kila mwezi linakula elfu hamsini kabla mwenyewe hajanunua mkate. Duka la namna hiyo ukilitilia milioni 14 au 40, tofauti ni siku ya kufunga tu. Lilifungwa baada ya miezi mitano.

Sasa nimseme kaka yangu, Mungu anisamehe. Ndiye aliyekuja na kanzu yake barazani kwangu kunisomea kuwa mdaiwa mwenye dhiki husubiriwa. Kweli, ni Al-Baqara aya ya 280. Lakini kusubiriwa ni kutodaiwa kwa pupa, haikusemwa aongezwe mkopo wa pili! Na aya ya 282, ile ya kuandika deni na kuweka mashahidi, mbona hakufika? Mbili mbele tu, sheikh wangu! Yeye mwenyewe hakutoa hata elfu kumi. Kila nikimkumbusha anaingia kusali sunna.

Milioni 24 zile, ningezigawa laki mbili kila mwezi, zingenitosha miaka kumi. Leo nategemea pensheni peke yake, na chai natia kijiko kimoja cha sukari. Watu wanadhani nina kisukari, nami nawaacha wadhani.

Kwa hiyo masharti yangu ni mawili: hela ya pili haitoki mpaka ya kwanza irudi, na hela haitoki kulipa deni la mtu. Wewe nishakuona umetoa mara mbili, basi komea hapo. Akikwambia "basi niwekee saini ya dhamana tu", hiyo nayo ni hela, maana asipolipa yeye watakufuata wewe. Hati ya nyumba hali kadhalika. Pesa iliyobaki iweke akaunti ya muda maalumu wiki hii hii, kabla hajapiga tena. Ukiivunja mapema unapoteza faida, na huko kusita ndiko unakokutaka, kwa sababu mimi na wewe hatuna uwezo wa kumwambia hapana mtoto anayelia.

Ukitaka kumsaidia, weka kiasi cha mwaka mzima ambacho kikipotea utalala usingizi. Mimi ni laki tatu. Mwambie mapema, mbele ya ndugu zake, kuwa ni zawadi wala si mkopo. Na iende kwenye kitu: ada ya skuli ya wajukuu nalipa mwenyewe, hapiti nayo yeye.

Alinuna miezi minane. Ijumaa iliyopita kaja na samaki changu wawili, tumekula wali, kisha kaniambia kuna biashara ya bodaboda, anahitaji milioni mbili tu. Nikamwongezea mchuzi.