Babu hakuuza unga: barua kwa mwanangu

"Shikamoo baba. Ule ukurasa wa historia ya babu nimeanza kuuandika, na kwa miaka ya ujana wake nimetegemea shairi lake lililokuwa kwenye daftari la bibi. Nimeelewa hivi: alikuwa na biashara ya unga bandarini, ukamwagika, akaenda kutema kuni akanenepa, kisha akanunua jiko Pangani. Kuna rafiki yake walipigana siku ya kwanza ya Ramadhani. Ila shangazi kasoma akacheka mpaka machozi. Nimekosea wapi?"

Marahaba mwanangu.

Shangazi yako asikuvunje moyo, anacheka hata misibani. Lakini ukurasa huo usiupeleke kwa mpiga chapa bado. Nimelifungua shairi lenyewe, nalinakili hapa ili tulitazame pamoja.

Nilipoumwaga unga, kule kwetu bandarini,
Wenzi wangu wakaringa, nona cha mtema kuni,
Milango niliigonga, nani kafungua, nani?
Chumvi nimekula, mwana, pishi usiniulize.

Pangani kapata jiko, lenye moto wa imani,
Halikujua vituko, wala mbio za jirani,
Likaniondoa huko, kwenye maji ya jioni,
Chumvi nimekula, mwana, pishi usiniulize.

Mkono alonitupa, rafiki wa ujanani,
Naye mkono katupa, mwezi mosi Ramadhani,
Kinyongo sikumlipa, nilimbeba begani,
Chumvi nimekula, mwana, pishi usiniulize.

Anza na unga. Mtu akisema fulani kamwaga unga, maana yake kafukuzwa kazi. Hili unalijua, nimekusikia ukilisema kwenye simu juu ya mwenzako wa ofisini. Sasa kwa nini hukulitambua kwa babu? Nadhani kilichokupoteza ni irabu moja. Sisi husema "amemwaga unga", hatusemi "ameumwaga unga". Ukitia ile "u" ya kiwakilishi, unga unakuwa ule unaojulikana, uliokuwa kwenye gunia fulani, na msikilizaji anaanza kuona gunia. Babu aliitia kwa shida ya mizani tu. Hesabu kwa vidole: ni-li-po-mwa-ga-u-nga, saba. Ukwapi, kile kipande cha kwanza cha mshororo, kwenye shairi lake unataka nane. Akaongeza "u", mizani ikatimia, na mjukuu akapata duka la unga.

Kama ungebaki na shaka, mshororo wa tatu ungekutoa. Mwenye duka akimwagikiwa na gunia moja hagongi milango ya watu. Anayegonga milango ni aliyekosa mshahara. Ndiyo kawaida yangu ninaposoma mashairi ya wazee: nikikuta jambo linalofanana na kazi za jikoni au shambani, naangalia linalofuata, nione kama tukio hilo linaweza kuleta matokeo hayo. Yakiwa makubwa kuliko tukio, kuna nahau hapo.

"Nona" lilikuwa la kunenepa, nalo nakusamehe, maana kamusi inakupa hilo hilo. Hapa ni inkisari: "naona" imekatwa ikawa "nona". Mshororo unasema naona cha mtema kuni, yaani nikataabika hasa. Babu hakushika shoka. Tazama pia kwamba "cha" haina jina mbele yake. Cha nini? Ukijiuliza swali hilo na mshororo usikupe jibu, ujue maneno hayo yameshikana, yanasomwa kwa pamoja kama neno moja. Kuyatafuta moja moja kwenye kamusi hakutakusaidia. Jaribu pia chini ya kitenzi, huko nako kamusi huweka nahau.

Jiko ni bibi yako.

Nacheka ninapoandika, lakini nielewe, kosa lako hapo lina sababu. Kupata jiko ni kuoa, kila mtu anasema hivyo harusini. Ila babu hakuiacha nahau ikae kimya. Aliishika akaendelea nayo: jiko lina moto, na upatanisho wa sarufi aliuacha kwenye jiko, "halikujua", "likaniondoa", asiseme "hakujua" wala "akaniondoa". Kwa hiyo kila kiambishi kinakuvuta ufikirie chombo cha kupikia. Ndio ufundi wenyewe. Anaichukua nahau iliyozoeleka, anaikumbusha asili yake, halafu anaipa vitendo ambavyo jiko haliwezi: kutojua vituko, kutokimbilia kwa jirani kupiga soga. Msomaji wa kwanza anayeona jiko tu anapotea, kama wewe. Lakini yupo wa pili anayesema "aa, mke", akapita haraka. Huyo naye amekosa "moto wa imani", kwa sababu babu alitaka umwone mke na jiko kwa wakati mmoja, nyumba iliyopikwa chakula na kuna mtu anayekungoja.

Kipokeo kimefanya vivyo hivyo. Kula chumvi ni kuishi miaka mingi, nawe hapo hukukosea. Ila ukaniandikia pembeni kwamba "pishi" huenda ni kosa la mwandishi. Hapana. Pishi ni kipimo cha zamani, vibaba vinne, cha kupimia nafaka na vitu vikavu. Babu anasema ameishi miaka mingi, kisha anaigeuza nahau iwe chumvi ya kweli ya kupimwa, na hapo hapo anakukataza usipime. Kwa maneno mengine, usiniulize umri. Bibi alikuwa akisema hajui hata mwaka aliozaliwa babu, ndipo ujue kwa nini alikirudia mara tatu.

Kuna neno ambalo shangazi hakucheka alipolifikia. Hayo "maji ya jioni". Nahau kamili ni kupiga maji, yaani kunywa pombe. Babu amekikata kitenzi, amebakiza maji peke yake, akaongeza jioni. Wewe umeandika kwamba alikuwa akienda kuogelea. Nahau iliyokatwa hivi ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kitenzi ndicho kinachoitambulisha, nacho hakipo. Kinachobaki kukusaidia ni "likaniondoa". Mke hamwondoi mumewe kwenye kuogelea. Anamwondoa kwenye jambo linaloharibu nyumba. Kama utaliweka kwenye ukurasa au hutaliweka, mwulize shangazi kwanza. Kwangu mimi babu mwenyewe kalisema, tena kwa adabu.

Ubeti wa tatu ndio ulionifanya nikuandikie barua badala ya kukupigia simu. Hakuna aliyepigana. Soma mishororo miwili ya mwanzo pole pole: "Mkono alonitupa", halafu "Naye mkono katupa". Maneno yale yale, na maana mbili. Kumtupa mtu mkono ni kumwacha, kuvunja urafiki. Kutupa mkono, bila ya kutaja anayetupwa, ni kufariki. Tofauti yote imebebwa na "ni" ya "alonitupa". Kwenye mshororo wa pili "ni" haipo. Rafiki aliyemtelekeza babu alipomwaga unga, ndiye aliyefariki siku ya kwanza ya Ramadhani. Na babu hakulipa kinyongo, alimbeba begani, yaani alilibeba jeneza pamoja na watu. Wewe "begani" uliielewa vipi baada ya ugomvi? Naona uliruka mshororo huo.

Mpangilio wa maneno nao umekuchezea. Kwa mazungumzo ungesema "katupa mkono" ukaelewa mara moja. Babu alihitaji kina cha "pa" kiishie ukwapi, ikabidi "mkono" utangulie na kitenzi kifuate. Washairi wana ruhusa ya kuboronga sarufi hivyo, na nahau ikishapinduliwa jicho huipita bila kuitambua. Mshororo ukikutatiza, urudishe kwanza kwenye mpangilio wa mazungumzo, kitenzi mbele na jina nyuma, uusome kwa sauti. Mara nyingi sikio litaitambua nahau kabla akili haijaanza kuchambua.

Sasa najua tabia yako. Ukishaelezwa haya utarudi kwenye daftari uone nahau kila mahali. Usifanye hivyo. Bandarini ni bandarini, alikuwa kibarua wa kushusha mizigo Tanga. Pangani ni Pangani, bibi ni wa huko. Ramadhani ni Ramadhani. Na milango aliigonga kweli, kwa mkono wake, nyumba kwa nyumba akitafuta kazi, bibi alinisimulia. Ukisema kugonga milango ni mfano tu, umemfuta babu yako barabarani.

Uliniuliza pia kwenye simu kwa nini wazee walipenda kuficha. Kwenye shairi hili babu hajaficha kitu. Kuficha ni kama alivyofanya Fumo Liyongo gerezani, katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo alimwimbia kijakazi Saada ujumbe wa kumpelekea mama yake, kwamba aoke mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa ya kukatia minyororo. Walinzi waliusikia wasiuelewe, na mkate wa wishwa wakauacha upite kwa kuudharau. Lile ni fumbo, limetungwa ili adui asielewe. Nahau za babu ni maneno ya barazani kwao, alijua kila atakayesikia ataelewa. Hakuwaza kwamba siku moja atasomwa na mjukuu aliyekulia Dodoma, mbele ya kompyuta, peke yake, bila mtu wa kumkonyeza.

Kwa ukurasa wako mimi ningeandika hivi, nawe urekebishe: "Babu alikuwa kibarua wa bandari ya Tanga. Alipofukuzwa kazi, rafiki yake wa karibu alimtenga, naye akapita dhiki kubwa akitafuta kazi nyumba kwa nyumba. Baadaye alioa Pangani, na ndoa ikamtuliza. Rafiki yule alipofariki, mwanzo wa mwezi wa Ramadhani, babu alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza." Baada ya hapo weka shairi zima, kwa tahajia yake, na ile "nona" usiirekebishe. Mpiga chapa akikuambia mshororo una kosa, mwonyeshe mizani.

Ramadhani ya mwaka gani, shangazi anakumbuka. Mpigie usiku, mchana yuko sokoni.

Babako