Linta mbili kwa kipande kimoja cha ukuta: venye nilijifunza Nyamasaria

Hii kitu ilinipata nikijengea mzee mmoja pale Nyamasaria, Kisumu, nyumba ya bloku za simiti za inchi 6, zile zenye mashimo. Mlango wa mbele ni sentimita 90, dirisha la sebule ni mita 1 na nusu, na kati yao ramani iliacha kipande cha ukuta cha sentimita 30 peke yake. Nikaweka linta mbili, zile boriti za zege za kubeba ukuta juu ya mlango na dirisha. Ya mlango nikaipa sentimita 20 za kukalia kwa hicho kipande, ya dirisha ikabaki na 10, na hapo chini yake bloku ilikuwa wazi ndani.

Mwezi mmoja hivi baada ya mabati kupigwa mzee akaniita. "Fundi, kuja uone ukuta wako." Kulikuwa na ufa unapanda kama ngazi kutoka kona ya juu ya dirisha ukifuata maungio ya bloku, na mwingine umesimama wima kwa kile kipande, unaanzia pale pale linta ya dirisha imekalia. Nikapaka plasta kidogo juu ya ufa na kuandika tarehe, wiki mbili baadaye plasta ikawa imekatika, kumaanisha ukuta bado unatembea.

Sasa elewa uzito unapita wapi. Bloku zikijengwa kwa kupishana zinaegemeana, kwa hivyo juu ya nafasi ya mlango au dirisha linta inabeba tu pembetatu ya ukuta, ile ya juu zaidi inajigawa na kushuka kando kando. Urefu wa hiyo pembetatu kwenda juu ni kama nusu ya upana wa nafasi, kwa dirisha la mita 1 na nusu ni sentimita 75. Lakini sisi juu ya linta tulikuwa na kosi tatu tu, yaani mistari mitatu ya bloku, sentimita 60, halafu trasi ya paa imekalia katikati ya dirisha. Pembetatu haijafunga, na hata ingefunga, huo mgawanyo husukuma ukuta kando, na sentimita 30 haiwezi kuzuia. Kwa nyumba ya chini kama hii mimi siku hizi nahesabu linta inabeba yote iliyo juu yake, ukuta na paa.

Angalia hicho kipande. Kinabeba nusu ya mlango, sentimita 45, nusu ya dirisha, 75, na zake 30. Jumla ni mita 1 na nusu ya ukuta na paa inashukia sentimita 30, yaani mara tano ya ukuta wa kawaida. Na sehemu kubwa ya huo mzigo ilikuwa inaingilia zile sentimita 10 juu ya kingo nyembamba za bloku yenye shimo. Linta ikipinda kidogo kati, ncha yake inabonyeza ule ukingo wa mwisho peke yake, ndio maana bloku ilipasuka.

Kurekebisha tulishikilia paa na propu ndani na nje, tukatoa zile kosi tatu, linta zote mbili na kile kipande. Kipande tukajenga upya kutoka chini na kujaza mashimo yote zege, na pia mashimo ya kosi mbili za juu kwa ubavu wa mlango na ubavu wa dirisha. Halafu tukamwaga linta moja juu ya nafasi zote: 90 na 30 na 150, jumlisha 20 kila mwisho, mita 3.1. Kina chake sentimita 20, vyuma viwili vya milimita 12 chini na viwili juu, ringi za milimita 8 za kuvizunguka kila sentimita 15.

Vyuma vya juu fundi wengi wanaviona vya kushikilia ringi tu. Kati ya nafasi linta inavutika upande wa chini, sawa, lakini ikivuka juu ya kipande cha katikati inapinda kinyume na ufa unaanzia juu, hapo chuma ya juu ndio inafanya kazi. Vyote viwe na simiti ya sentimita 2 na nusu nje yake, nilishakuta vyuma vya chini vimelala kwa mbao kabisa.

Kwa nafasi moja hesabu ni rahisi, upana jumlisha 40, dirisha la 120 linta ni 160. Sikubali chini ya sentimita 15 kila upande hata kwa kadirisha ka choo. Na ukipewa ramani yenye kipande cha chini ya 60 kati ya nafasi mbili, ongea na mwenye nyumba mapema juu dirisha kusongeshwa kwa karatasi ni bure.

Propu za Nyamasaria nilitoa siku ya 14, tukimwagilia maji wiki ya kwanza yote. Plasta ya tarehe nilipaka tena kwa kona ile ile, na mvua ndefu ikaisha bila kukatika.