Picha yake ya mwisho, na kofia iliyoniumbua

Tangu niliposimulia kwa kifupi jinsi rafiki yangu alivyopatikana mlimani, mmekuwa mkiniuliza nilijuaje alipo. Nilijua kwa picha moja, na nusura nimpoteze kwa picha hiyo hiyo.

Ilinifikia saa 10:40 jioni: anacheka, nyuma yake vilele viwili na mnara wa simu. Kufika saa 2 usiku hapatikani. Wenzetu wakaniambia simu imeisha chaji tu, niache uzushi. Sijasahau.

Kwanza nilitafuta kama picha imebeba mahali ilipopigwa. Wapi! Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Hubaki ikitumwa kama dokumenti. Ikabidi niisome picha yenyewe.

Tafuta vitu viwili vilivyopangana, cha mbele kikiziba cha nyuma. Mnara ulikuwa umesimama sawia chini ya ncha ya kilele kirefu, kwa hiyo kilele, mnara na kamera vilikuwa kwenye mstari mmoja. Nikafungua Google Earth, nikavuta mstari kutoka kileleni, ukapita mnarani, nikauendeleza. Mstari mmoja hausemi yuko mbali kiasi gani, unahitaji wa pili. Nikaupata kwenye jabali lililoziba kona ya ziwa. Mistari ikakatana katikati ya ziwa lenyewe!

Karibu saa nzima nailaumu ramani. Ndipo nikaikuza picha, nikaona maandishi ya kofia yake yamegeuka. Alijipiga kwa kamera ya mbele, na simu yake huhifadhi picha kama kioo. Kilele kirefu nilichokiweka kushoto kilikuwa kulia. Nilikuwa nimevitambua vilele visivyo. Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kuchora chochote tazama maandishi. Maandishi kwanza!

Nikaigeuza, nikaanza upya. Safari hii mistari ilikatana begani mwa mlima, mita kama 200 nje ya njia. Nikashusha mtazamo wa ramani hadi usawa wa ardhi, nikageukia vilele: mnara chini ya ncha, jabali juu ya kona ya ziwa, vilevile kama pichani.

Waokoaji niliwapa latitudo na longitudo, nikawaambia naweza kuwa nimekosea mita 150, na kwamba hapo ndipo alipopigia picha, si lazima ndipo alipo. Pia saa 10:40 ni saa ya ujumbe kufika. Huenda picha ilingoja mtandao. Msiwape watu nukta tupu bila maneno haya, watachimba hapo hapo.

Walianzia pale, wakafuata korongo kwenda chini, wakasikia filimbi. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka. Siku hizi ananitumia picha kama dokumenti. Yule wa "simu imeisha chaji" bado hajaniambia kitu.