LED, fotodiodi na seli ya sola: ni kitu kimoja?

"Wakuu, mwalimu anasema LED, fotodiodi na seli ya sola zote ni maungio ya PN. Mbona basi kazi ni tofauti?"

Mkuu, chukua LED nyekundu ya kioo angavu, iweke juani, pima miguu yake kwa multimita. Utaona kama volti 1.5, anodi ikiwa chanya. Hapo ni seli ya sola: mwanga unazalisha elektroni na matundu, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni, na uga wa umeme wa maungio unavitenganisha. Ila ukiweka rezista ya kiloomu 1, volti zinaporomoka. Tuseme mkondo ni mikroampea 20, basi unabaki na milivolti 20 tu. Kipande chake ni kidogo mno. Seli halisi ni pana.

Sasa ipe volti 5 kinyume, kathodi upande wa chanya, kupitia rezista ya kiloomu 100. Mikroampea 20 zilezile zinaleta volti 2 kwenye rezista, na mwanga ukipungua nusu zinakuwa 1. Hiyo ni fotodiodi. Mkondo unaelekea kulekule kama mwanzo, ila safari hii betri ndiyo inayotoa nishati.

Igeuze mbele, anodi upande wa chanya, na rezista ya kudhibiti mkondo: elektroni zinakutana na matundu, mwanga unatoka.

Usitarajie seli ya silikoni ing'ae hivyo. Silikoni hupoteza karibu nishati yote kama joto, na mwanga kidogo unaotoka ni infraredi isiyoonekana. Nayo LED nyekundu haitapokea rimoti ya TV, kwa kuwa fotoni za infraredi hazina nishati ya kutosha.